Masanduku ya Mwaka Usio na Darasa

Kuna watu wanaokosea kwa sababu hawajui kazi. Kageha alikosea kwa sababu anaijua mno. Nasema hivi mapema ili usimcheke bure, maana wa kumcheka walikuwa wengi hapa sokoni Kondele, na mimi mwenyewe nilikuwa mstari wa mbele.

Mimi ni Oluoch. Kazi yangu ni kuandika majina kwenye masanduku ya shule, yale ya bati. Ukiona mtoto yuko stendi na sanduku lenye herufi nyeupe zilizonyooka, rangi haijachuruzika hata tone, huo ni mkono wangu. Ukiona zimepinda kama zimetoka kilabuni, usiniulize mimi, muulize yule jamaa wa pale kwenye mzunguko. Mwaka mzima naandika mabango ya vinyozi na bei za samaki kwenye vioo vya mahoteli. Lakini kinachonilisha ni Januari, na Januari yangu iko kwenye kibanda cha Kageha. Yeye anauza sanduku, mzazi analipa, mimi naandika jina la mtoto kwa shilingi hamsini. Nimekaa naye hivyo miaka kumi na miwili, kwa hiyo hakuna jambo lake la biashara nisilolijua, hata yale ambayo angependa nisiyajue.

Ni Mmaragoli, mjane, mwembamba, sauti imekauka kwa kubishana bei. Ana mtoto mmoja, Mercyline, kwa hiyo sisi tunamwita Mama Mercy. Kibanda aliachiwa na mume. Mume alikuwa akiuza sufuria. Yeye ndiye aliyegeuza pale pakawa mahali pa vitu vya shule za bweni: sanduku, godoro, blanketi, shuka, beseni, kufuli.

Msimu wa shule watu hudhani ni mwezi mzima. Wapi! Ni siku tano. Wazazi wa huku hawanunui mapema, hata ukiwapigia magoti. Pesa ya Krismasi inaisha, mtu anasubiri shemeji atume kitu kutoka Nairobi, anasubiri SACCO, anasubiri muujiza, kisha Jumamosi na Jumapili kabla ya shule kufunguliwa wote wanamwagika mjini kwa pamoja. Ukiwa na mali siku hizo, umeula. Ukikosa, funga kibanda ulale. Na mali haiji siku hizo. Wesonga, fundi wa bati anayemtengenezea Mama Mercy masanduku, hukuuzia moja elfu moja na mia mbili ukiagiza Oktoba. Januari anakuangalia usoni, anakohoa, anasema elfu mbili, na usimuulize imekuwaje. Kwa hiyo Mama Mercy alikuwa na sheria yake. Redio ikianza kutangaza mitihani ya kitaifa, polisi wamesindikiza karatasi, sijui nani amekamatwa na majibu kwenye soksi, yeye anachukua akiba yake ya mwaka, anaenda kwa Wesonga, anaagiza masanduku themanini. Mitihani ikisikika, watoto wa kidato cha kwanza wanakuja. Miaka yote hiyo sheria haikumdanganya.

Mwaka wa elfu mbili na ishirini na nne redio ilitangaza mitihani kama kawaida. Karatasi zikasindikizwa kama kawaida. Mama Mercy akaagiza themanini. Wesonga akagonga bati mchana kutwa, mimi nikanunua makopo mawili ya rangi nyeupe, makubwa, na kikopo cha petroli ya kuichanganyia.

Sasa wewe unayesoma umeshajua. Mtihani wa darasa la nane ulikuwa umeshakufa. Wa mwisho walikuwa wameufanya mwaka uliotangulia na wakaingia fomu wani. Nyuma yao walikuwa watoto wa mtaala mpya, na hao hawakuwa wakienda popote. Walikuwa wanatoka gredi ya nane kuingia gredi ya tisa, kwenye shule ileile, kwa daftari lilelile. Mitihani iliyosikika redioni ilikuwa ya gredi ya sita na ya fomu foo. Januari ya ishirini na tano, Kenya nzima, hapakuwa na mtoto hata mmoja wa kuingia kidato cha kwanza. Darasa lenyewe halikuwepo.

Na kichekesho chenyewe, yawa, ni kwamba Mercyline alikuwa gredi ya nane! Alikuwa katika kundi la kwanza kabisa la mtaala mpya. Mtoto analala naye nyumba moja, anamwona kila asubuhi akivaa sare, anajua kabisa kwamba mwakani atakuwa gredi ya tisa shuleni kwake pale pale Manyatta, na bado akaagiza masanduku themanini ya watoto ambao hawakuzaliwa. Nilipomuuliza baadaye alinijibu kwa hasira, "Wewe nawe si una watoto? Mbona ulinunua rangi?" Ukweli ni kwamba hakuna aliyefikiri. Tulikuwa tumezoea.

Jumamosi ya kufungua shule tulipanga masanduku mpaka barabarani. Wapita njia wakapita. Kufika saa sita hivi, mama mmoja akasimama, nikachovya brashi, kumbe anatafuta kifuniko cha thermosi. Mama Mercy akawa anahesabu kwa vidole kitu ambacho hakikuwa pesa. Halafu akasema taratibu, "Oluoch, fomu wani ni akina nani mwaka huu?" Ndipo tukajua wote wawili kwa wakati mmoja. Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikaketi chini, na sioni fahari kwa hilo.

Aliuza kumi na mawili, kwa watoto wa fomu tuu ambao ya kwao yalikuwa yamevunjika bawaba. Yakabaki sitini na nane, na akiba yake ya mwaka mzima imekaa ndani yake, tupu.

Wiki hiyohiyo alikuja Debra, mfanyabiashara kutoka Bondo, mwanamke mnene wa maneno matamu. "Mama, pole sana. Nitakusaidia. Nipe yote kwa mia saba saba, hata leo nabeba." Hiyo ilikuwa hasara ya karibu nusu, papo hapo. Mama Mercy akamwambia ampe siku moja. Usiku haukumsaidia, asubuhi alikuja macho mekundu lakini jibu analo. "Siuzi," alisema. "Mwakani Mercy anaenda gredi ya kumi, bweni. Sina ng'ombe, sina shamba, sina mjomba bungeni. Karo yake ni hayo mabati. Nikiyauza mia saba nitayala kabla ya Aprili." Debra akabetua midomo akaenda. Hapo ndipo mimi nilipojua kilicho hatarini: masanduku yale yakiozea mkononi mwake, yule msichana harudi shule.

Kutunza bati karibu na ziwa si mchezo. Mvua za Aprili zikija, unyevu unapanda mpaka ndani ya chumvi. Kibanda kinavuja, kwa hiyo aliyahamishia yote nyumbani, chumba kimoja cha kupanga, yakapangwa matano kwenda juu mpaka kwenye dari. Mercyline akawa anafanyia kazi ya shule juu ya sanduku na kulala kwenye kiupenyo kilichobaki kama panya wa stoo. Kila mwisho wa mwezi mama na mtoto walikuwa wanayapangusa moja moja kwa kitambaa chenye dizeli kidogo. Nguo zao zikanuka gereji. Kanisani kwao watu wakaanza kuacha nafasi kwenye benchi. Mama Mercy mwaka huo alijishikiza kwa kuuza mabeseni na vijiko, na sokoni jina lake likawa "Mama Sanduku", halafu watu wanaangaliana na kucheka. Yeye alikuwa anajibu kitu kimoja tu: "Kutesa ni kwa zamu."

Ilipofika Oktoba ya ishirini na tano, wafanyabiashara wote wa Kondele walikuwa waoga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wakasema tusubiri tuone kwanza, hii serikali inaweza kusema gredi ya kumi wanasomea nyumbani. Hawakuagiza. Nikamwambia Mama Mercy, "Sasa zamu yako. Kaa kimya na hizo sitini na nane zako, Januari uza elfu mbili na mia tano moja, ukose pa kuweka pesa."

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyekula udongo. "Oluoch, safari hii sisikilizi redio. Nimeenda kuuliza."

Na kweli alikuwa ameenda. Alikuwa amepita kwenye shule za karibu siku za kufunga, anasimama langoni na wazazi wa gredi ya tisa, anauliza bila haya. Mtoto amechagua wapi? Bweni ama kutwa? Mtanunua wapi vitu? Akagundua mambo mawili. La kwanza, watoto wengi walikuwa wanaelekea shule za kutwa, na mtoto wa kutwa hanunui sanduku. La pili, barua za kuitwa shule zilikuwa zinategemewa kuchelewa, na wengine wangeomba kubadilishiwa shule, kwa hiyo mzazi angepata orodha ya mahitaji siku za mwisho kabisa. Mzazi kama huyo hana wakati wa kuzunguka soko zima. Anataka aingie mahali pamoja, atoe orodha, atoke na sanduku limejaa.

"Sanduku tupu halitauzwa," akasema. "Nina bati nyingi na sina hata shilingi ya kuweka kitu ndani yake. Hiyo ni kuwa na sufuria kumi bila unga."

Basi Desemba akafanya jambo lililonikasirisha. Alichukua masanduku thelathini akawauzia wenzake wale wale waliokuwa wanamcheka, kwa elfu moja na mia saba. Walikuwa wameshaanza kuingiwa na wasiwasi, wakanunua. Nilimpigia kelele. "Mama Mercy, unauza mvua kabla ya kiangazi! Mwezi mmoja tu umebakia!" Akasema nyamaza, chovya brashi yako. Pesa ile, hamsini na moja elfu, hakuila hata ya soda. Kwanza akanunua magodoro, kwa sababu godoro ndilo linaloisha mjini kabla ya kitu kingine, na ni kubwa, hakuna duka linaloweka mengi. Alipata kumi na sita. Halafu blanketi na shuka za kutosha kuanzia. Vitu vidogo, sabuni, karatasi ya choo, pedi, kufuli, hakununua vingi. Alisema hivyo atavifuata kila jioni kwa pesa ya siku hiyo. Na elfu tano akaibadilisha kuwa chenji. Hapa ana ujanja wake. Jumapili baada ya ibada huenda kwa mhasibu wa kanisa, mama anaitwa Milka, anampa noti kubwa, naye Milka anampa hamsini hamsini na sarafu za sadaka. Kanisa linafurahi halibebi mfuko mzito benki, na yeye anakuwa na chenji siku ambayo Kondele nzima inakimbizana na elfu moja moja. Wengi sasa wanalipa kwa simu, ndiyo, lakini mzee kutoka Asembo aliyeuza mbuzi bado anakuja na noti zimekunjwa kwenye soksi, na usipokuwa na chenji anavuka barabara kwa jirani.

Barua ya Mercyline ilikuja kabla ya Mwaka Mpya. Shule ya wasichana, bweni, upande wa Luanda, si mbali na hapa. Karo ya muhula wa kwanza elfu ishirini na mbili. Aripoti Jumatatu. Hakuna fedha taslimu shuleni, lipa benki uje na risiti.

Ijumaa iliuza kidogo. Jumamosi, saa mbili asubuhi, dunia ilikuja. Sijui niseme vipi. Wazazi walikuwa wamesimama mpaka kwenye bodaboda, kila mmoja na karatasi mkononi, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Mama Mercy alikuwa anachukua orodha, anaisoma mara moja, mikono inaanza kupakia kabla hajamaliza kusoma. Mercyline anafunga kwa kamba. Mimi naandika majina mpaka kidole kikafa ganzi. Mzazi mmoja alitaka niandike jina la mtoto na la babu yake na la kijiji. Nikamwambia baba, hili ni sanduku, si jiwe la kaburi.

Saa saba mchana magodoro yakaisha. Yote kumi na sita yameenda. Masanduku yamebaki ishirini na moja, na watu bado wanakuja, na kila mtu swali lake la kwanza ni, "Godoro iko?" Ukisema hakuna, anaenda zake na orodha yake. Hawezi kununua sanduku kwako na godoro kwa mwingine kisha abebe vyote kichwani.

Mama Mercy alikimbilia kwa muuzaji wa jumla, yule wa karibu na mataa. Akarudi amefura. Yalikuwa yamebaki kumi na manne, bei imepanda, elfu mbili na mia tano moja, na mwenye duka hataki maneno ya "nitakuletea jioni". Pesa mkononi ama aende. Yeye alikuwa ameshalipia blanketi, shuka na vitu vidogo vya masanduku yaliyobaki, akabakiwa na elfu thelathini na nane, taslimu na kwenye simu. Ndani ya hiyo ilikuwa karo. Ukitoa karo, iliyobaki haifiki magodoro saba.

Nikaweka brashi chini. "Mama Mercy. Lipa karo sasa hivi. Wakala wa benki yuko hapo, hatua ishirini. Mtoto aende shule, haya mengine tutajua."

"Nikilipa sasa, haya masanduku yatalala tena. Muhula wa pili nitampeleka na nini?"

"Na mvua ikinyesha? Na wasipokuja kesho?"

Alimgeukia Mercyline, aliyekuwa ameketi juu ya gunia akinywa maji. "Mercy, nikiweka karo yako kwa magodoro, na magodoro yasiuzwe, Jumatatu hutaenda. Unasikia? Nakuambia usije ukasema sikukuambia."

Yule mtoto alifikiri. Alikuwa amelala na bati mwaka mzima, anazijua. "Nunua, Mama," akasema. "Lakini usipunguze bei kwa huruma."

Akanunua yote kumi na manne. Mkokoteni ulipoyaleta, mawingu yalikuwa yameshasimama juu ya ziwa, meusi, na kabla hatujafunika vizuri mvua ikashuka. Ilinyesha kuanzia saa tisa hadi giza. Barabara ikawa mto. Hakuna hata mzazi mmoja aliyekuja. Tulikaa watatu chini ya turubai, magodoro yamefungwa nailoni, karo ya mtoto imo humo ndani, imegeuka sponji, na Mama Mercy midomo yake inatikisika. Nilidhani anaomba. Kumbe anamtukana mwenye duka la jumla, kwa Kimaragoli, bila kurudia neno. Niliogopa, nasema wazi. Nilimwonea uchungu, na mimi si ndugu yake.

Jumapili asubuhi kimya. Watu wote kanisani. Yeye mwenyewe hakwenda, mara ya kwanza tangu nimjue. Saa nne, hakuna. Saa tano, mteja mmoja. Halafu saa sita na nusu makanisa yakatoka, na wale wote ambao mvua iliwazuia jana wakaja pamoja na wale wa leo. Kwa jirani magodoro yaliisha ndani ya saa moja. Kwetu yapo. Sauti ikaenda, "Kwa Mama Sanduku iko," na safari hii hakuna aliyecheka. Kufikia saa kumi na moja jioni alikuwa ameuza masanduku kumi na manne yaliyojaa. Akajifunga leso vizuri, akaenda kwa wakala wa benki hatua ishirini, akalipa elfu ishirini na mbili. Alirudi na risiti ameishika kwa mikono miwili, akaniambia nisome jina la shule kwa sauti, nikasoma, akaniambia nisome tena. Mercyline alirukaruka kama mtoto mdogo. Mimi nilinunua soda tatu kwa pesa yangu, na wanaonijua watakuambia hilo si jambo la kila siku.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa mtu wa kupenda hadithi tamu. Lakini yalikuwa yamebaki masanduku saba. Lile la Mercyline lilikuwa pembeni, limejaa, nimeliandika kwa mkono wangu bure. Na jioni ile ile Mama Mercy alitafuta magodoro mjini kote akapata saba kwa bei ya wizi, akayanunua.

"Ya nini tena?" nikamuuliza. "Kesho si unampeleka mtoto?"

Akawa anapanga vitu, hanitazami. "Mzazi wa Jumatatu habishani bei, Oluoch. Amechelewa, mtoto analia, gari linangoja. Haya saba ni kodi ya nyumba na muhula wa pili. Nikifunga kesho yanangoja mwaka mwingine."

"Basi mimi niuze, wewe nenda."

"Wewe uliuza sanduku kwa elfu moja mia tatu kwa sababu mteja alisifu herufi zako."

Ni kweli.

"Mpeleke wewe," akasema. "Una shati safi."

Basi Jumatatu asubuhi mimi ndiye niliyempeleka Mercyline. Kwenye lango la shule ilikuwa kama harusi. Kila msichana na mama yake, wengine na mama, shangazi na nyanya, wanashikwashikwa mashavu, wanafungwa vifungo ambavyo vilikuwa vimefungwa. Mercyline alikuwa na mimi, mpaka rangi. Karani alipouliza "Mzazi?" tulitazamana, nikasema, "Jirani." Akaandika hivyo kwenye fomu. Walipekua sanduku kitu kwa kitu, hakuna kilichopungua, hata kidogo. Mwalimu alisema hajaona sanduku lililopangwa vizuri namna ile. Mercyline alisema asante, sauti ndogo.

Kabla hajaingia nilimpigia mama yake simu nikampa. Aliishika sikioni. Nami nilikuwa karibu, nikasikia kila kitu. Mama Mercy alipokea na kusema haraka, "Mercy, umefika? Subiri, subiri kidogo, niko na mteja." Halafu simu ikabaki wazi, ikatuletea Kondele yote, honi na kelele, na sauti yake ile kavu ikimwambia mtu: "Mama, chukua hii blanketi nzito. Huko milimani usiku kuna baridi, huyu mtoto wako hajawahi kulala mbali na wewe. Mwambie asilale na soksi zimelowa. Mwambie asiogope."

Mercyline alisikiliza mpaka mwisho. Kengele ikalia, mwalimu akapiga makofi kuwaita. Akanirudishia simu. "Ako na mteja," akasema, na machozi yakamshuka, akayafuta kwa mkono wa sweta mpya, akaenda na wenzake.

Nilirudi Kondele saa tisa. Kibanda kilikuwa kitupu, kimefagiliwa. Mama Mercy ameketi kwenye kigoda, pesa zimo kiunoni, hana cha kufanya.

"Yameisha?" nikauliza.

"Yameisha. Yule niliyekuwa naye mlipopiga simu ndiye alikuwa wa mwisho. Akalipa, nikachukua simu, kumbe mmekata." Alinyoosha leso magotini. "Saa tano asubuhi, Oluoch. Tangu saa tano nimekaa hapa."

Nilichukua brashi yangu nikaanza kuikwangua rangi iliyokauka.

"Alilia?"

"Hapana," nikasema.

"Oluoch."

"Alilia. Kidogo."

Akafunika uso kwa leso akalia, kwa sauti, katikati ya Kondele mchana, na watu wa bodaboda wakageuka kutazama kisha wakaacha kutazama. Nilimngoja. Alipomaliza akapenga kamasi, akavuta kigoda cha pili, akaniambia niketi nimweleze kuanzia langoni, polepole, kila kitu, sweta lilimkaa vipi, mwalimu alisema nini. Nikamweleza. Nilipomaliza akaniambia nianze tena.